Grafu yangu ilipinda, na Beer hakuwa na kosa

Najua nimepotea hapa karibu wiki tatu, ila safari hii nina sababu. Nilikuwa na ugomvi na grafu. Ugomvi wenyewe ulianzia maabara, ukanipeleka maktaba kwa Wafaransa wa miaka ya 1700, ukanirudisha maabara tena, na sasa umeisha. Nikaona niwasimulie, hasa nyie wenzangu wa ualimu, maana hiki kitu tutakwenda kukifundisha, na mimi nilikuwa naelekea kukifundisha vibaya.

Basi bwana, praktiko ilikuwa hii. Unapewa chupa ya pamanganeti ya potasiamu, ile dawa ya zambarau, huambiwi ukolezi wake. Kazi yako ni kuutafuta kwa spektrofotomita. Mashine inapitisha mwanga kwenye myeyusho wako ulio ndani ya kyuveti (kile kichupa cha mraba chenye upana wa sentimita 1), inaangalia mwanga kiasi gani umetoka upande wa pili, halafu inakupa namba inayoitwa absobansi. Ikisoma 1, maana yake asilimia 10 tu ya mwanga imepita. Ikisoma 2, imepita asilimia 1. Ikisoma 3, sehemu moja ya elfu. Shikeni hizo namba tatu, tutazirudia.

Namba hiyo peke yake haikwambii ukolezi, kwa hiyo kwanza unatengeneza ngazi. Nilipima gramu 0.200 za pamanganeti, nikayeyusha, nikajaza maji yaliyokenekwa mpaka lita 1. Hiyo ndiyo stoki, miligramu 200 kwa lita. Nikachota kwa pipeti mililita 5, 10, 20 na 30, kila moja kwenye chupa yake ya ujazo ya mililita 100, nikajaza maji mpaka alama. Hapo nikawa na myeyusho minne ya 10, 20, 40 na 60. Nikaiweka mashine kwenye urefu wa wimbi wa nanomita 525, ambako pamanganeti inafyonza mwanga kuliko kwingine, nikaipa maji matupu ili ijue sifuri yake, kisha nikasoma zote siku hiyo hiyo, maana pamanganeti ikilala inaanza kuharibika na kuacha uchafu wa kahawia. Nilipata 0.144, 0.287, 0.571 na 0.846. Ukizichora, rula inagusa zote. Mstari unaanzia sifuri na unapanda 0.0142 kwa kila miligramu.

Halafu nikaweka chupa ya fumbo. Ikasoma 1.46.

Sasa 1.46 iko juu kabisa ya ngazi yangu, nilikuwa na vipimo mpaka 0.846 tu. Mtu mwenye akili angesimama hapo. Mimi nikachukua rula, nikaurefusha mstari kwa penseli mpaka juu, nikagawanya 1.46 kwa 0.0142, nikaandika jibu 103, nikaenda kula.

Jirani yangu wa chumba alikuwa na chupa ile ile. Yeye alichota mililita 20 za fumbo akazifanya 100, akasoma 0.315, akapata 22.2, akazidisha mara 5. Jibu lake 111. Tukabishana njia nzima ya kurudi hosteli. Kesho yake fundi wa maabara akatuambia kilichokuwemo: 110. Mimi nimekosea kwa asilimia 6 na zaidi, mwenzangu kwa chini ya 1, na wote tumetumia mstari mmoja na mashine moja.

Kwenye ripoti kulikuwa na swali: eleza kwa nini grafu hupinda ukolezi ukiwa mkubwa. Nikajibu kama notisi zinavyosema, kwamba chembe zikiwa nyingi zinabanana, zinasumbuana, kwa hiyo sheria ya Beer inashindwa. Ripoti ikarudi na mstari mwekundu juu ya jibu langu na maneno matatu: "Zinabanana kwa kiasi gani?" Alama sifuri kwenye kipengele hicho. Nilikasirika jamani. Jibu liko kwenye notisi, linanyimwaje alama? Nikaamua kwenda kumtafuta huyo Beer mwenyewe nione alisema nini.

Nilichokuta ni kwamba hadithi haianzi na Beer. Inaanza na Pierre Bouguer, Mfaransa kutoka Le Croisic, mji wa pwani ya Brittany. Mwaka 1725 alilinganisha mwanga wa mwezi ukiwa juu angani na ukiwa karibu na upeo, akitumia mishumaa kama kipimo. Mwezi ukiwa chini, mwanga wake unapita hewa nyingi zaidi kabla ya kukufikia, na yeye alitaka kujua hewa inakula mwanga kiasi gani. Mwaka 1729 akatoa kitabu kidogo juu ya jambo hilo. Watu wengi wangedhani kwamba kila tabaka la hewa au la kioo linaondoa kiasi kile kile cha mwanga. Bouguer akasema hapana, linaondoa sehemu ile ile ya mwanga uliolifikia. Kama tabaka la kwanza linapitisha nusu, la pili linapitisha nusu ya ile nusu, la tatu nusu ya robo. Mwanga unapungua kwa kugawanyika, ndiyo maana tunatumia logi. Absobansi ni namna ya kuhesabu umegawanyika mara ngapi.

Johann Lambert alikuwa mtoto mchanga wakati kitabu hicho kinatoka. Mwaka 1760 alichapisha kitabu chake kikubwa cha upimaji wa mwanga, akaiweka hoja hiyo kihesabu vizuri, na Bouguer alimtaja. Lakini wote wawili walikuwa wanazungumzia unene wa kitu. Ukolezi ulikuwa bado.

August Beer, Mjerumani wa Bonn, ndiye aliyeuleta mwaka 1852, kwenye makala kuhusu ufyonzaji wa mwanga mwekundu katika vimiminika vya rangi. Hapa ndipo nilipokaa kimya maktaba. Nilikuwa nategemea kukuta ile fomula yetu ya ubaoni, A = εbc, sikuikuta kwa sura hiyo. Ile imekuja kupangwa hivyo baadaye. Wazo lenyewe ukiliweka kwa lugha ya kawaida ni hili: ukiupunguza myeyusho ukolezi mara kumi, halafu ukauangalia kwenye mrija mrefu mara kumi, mwanga unaopita ni ule ule. Hajali chembe zimesambaa au zimekusanyika. Anajali mwanga umekutana na chembe ngapi njiani.

Tuliponi hapo, maana ndiyo siri ya kesi yangu. Wazo la Beer ni la kulinganisha giza na giza. Na muda mrefu baada yake wakemia walifanya kazi hivyo hivyo. Kulikuwa na chombo cha Jules Duboscq wa Paris, unachungulia kwa jicho, nusu ya duara unaona fumbo lako, nusu nyingine unaona myeyusho unaoujua. Unapandisha na kushusha kina cha myeyusho mpaka nusu mbili zifanane kabisa, halafu unasoma urefu. Kama moja imehitaji milimita 20 na nyingine 40, ya kwanza ina ukolezi mara mbili ya ya pili. Jicho halikuambii absobansi, linakuambia "zimelingana" tu. Sasa angalia uzuri wake: kama chombo kina kasoro, kwa mfano kuna mwanga mwingine unaoingia, kasoro hiyo inazipata pande zote mbili sawasawa kwa sababu giza lao ni moja. Inafutika.

Halafu ikaja seli ya umeme inayohisi mwanga. Mwaka 1941 kampuni ya Arnold Beckman huko Kalifonia ikatoa spektrofotomita yake ya DU, na mwaka 1953 Bausch & Lomb wakatoa Spectronic 20, ndogo na rahisi, iliyosambaa kwenye maabara za wanafunzi. Sasa hulinganishi tena giza na giza. Unasoma mshale, au namba kwenye kioo, halafu unaiamini. Na mashine inapokosea kwenye giza kubwa, hakuna upande wa pili wa kulifuta kosa.

Nikarudi kwenye lile swali la wino mwekundu. Zinabanana kwa kiasi gani? Vitabu vinasema kubanana kunaanza kuleta shida ukolezi ukifika kama moli 0.01 kwa lita na kuendelea. Pale chembe zinakuwa karibu vya kutosha kuathiriana umeme wake, na hata namna myeyusho unavyopinda mwanga inabadilika. Fumbo langu lilikuwa na miligramu 110 kwa lita. Gawanya kwa 158, uzito wa moli moja ya pamanganeti, unapata moli 0.0007 tu kwa lita. Ni chini ya kikomo hicho zaidi ya mara kumi na nne! Chembe zangu zilikuwa na nafasi ya kutosha. Nilikuwa nimezisingizia.

Nikamwomba fundi anipe saa mbili Ijumaa mchana. Kwanza nikaongeza ngazi, 80, 100 na 120. Zilisoma 1.11, 1.35 na 1.56. Kwa mstari wangu wa rula zilitakiwa ziwe 1.14, 1.42 na 1.70. Kwa hiyo grafu inapinda kweli, na inapinda kuelekea chini. Ndiyo maana jibu langu lilikuwa dogo: mashine ilisoma kidogo, mimi nikahesabu kidogo.

Pili, nikafanya jaribio la Beer mwenyewe. Maabara kuna kyuveti nyembamba ya nusu sentimita. Nikaweka humo myeyusho wa 120. Mwanga unakutana na chembe sawa na zile za 60 kwenye kyuveti ya kawaida. Fikirini kabla ya kusoma mbele: kama tatizo ni kubanana, 120 ni 120 hata kwenye kijiko, chembe zimebanana vile vile, na namba itakuwa pungufu. Kama tatizo ni mashine kushindwa giza, basi giza limepungua nusu na namba itakuwa sahihi. Ikasoma 0.85. Myeyusho wa 60 ulisoma 0.846. Mara mbili ya 0.85 ni 1.70, namba ile ile ya rula. Myeyusho hauna hatia.

Sasa mashine inakoseaje? Ndani yake kuna kitu kinachotenganisha rangi za mwanga ili nanomita 525 tu ndizo zifike kwenye kyuveti. Lakini hakuna mashine inayotenganisha asilimia mia. Vumbi, mikwaruzo, mwanga unaogongana na kuta za ndani, vyote vinaruhusu mwanga kidogo wa rangi nyingine kufika kwenye seli. Mimi nauita mwanga mzururaji. Pamanganeti inaonekana zambarau kwa sababu inaruhusu nyekundu na urujuani kupita, kwa hiyo mwanga mzururaji wa rangi hizo unapita kyuveti kana kwamba hakuna kitu.

Tufanye hesabu ndogo. Tuseme mwanga halali ni 1000 na mzururaji ni 10. Kwenye maji matupu mashine inaona 1010, inaiita asilimia mia. Weka myeyusho mwepesi unaopitisha nusu: 500 halali, jumlisha wazururaji 10, ni 510 kati ya 1010. Bado ni kama nusu, kosa halionekani. Sasa weka mzito unaopitisha sehemu moja ya mia, absobansi 2. Halali zimebaki 10, wazururaji bado 10, jumla 20. Mashine inaona mara mbili ya mwanga halali, inakuambia 1.70. Wazururaji hawajaongezeka, ni wenye haki waliopungua. Ni kama mkutano wa darasa ambao watu wanne wa darasa jingine wamejipenyeza. Mkiwa mia mbili hawaonekani, mkibaki wanne wao ni nusu ya kura.

Tatu, nikaweka stoki yenyewe, ile 200. Kwa rula ilitakiwa kusoma 2.84. Ilisoma 1.95. Hiyo ndiyo dari ya mashine yetu, kwa pamanganeti haiwezi kwenda juu ya 2 hivi hata ukiweka myeyusho mweusi kama mkaa. Absobansi 1.95 ni mwanga wa asilimia 1.1, wakati halali ulipaswa kuwa kama asilimia 0.14. Tofauti, karibu asilimia 1, ndiyo wazururaji. Nikaiweka asilimia 1 hiyo kwenye hesabu na ikanipa grafu yangu yote, kuanzia 10 mpaka 120, karibu tarakimu kwa tarakimu.

Kuna ndugu yake mdogo ambaye ni vizuri mumjue pia. Hata huo mwanga halali sio wimbi moja, ni kipande cha mawimbi jirani. Spectronic 20 jina lake linabeba hiyo 20, upana wa nanomita 20. Pamanganeti ina vilima viwili karibu karibu, kimoja 525 na kingine 545, na bonde katikati. Kipande kipana kinachanganya kilima na bonde, yanayofyonzwa sana yanaisha mapema, yanayofyonzwa kidogo yanabaki, na grafu inapinda kidogo. Ndiyo maana tunapima kileleni, sio kwenye mteremko.

Sisemi kemia haina kosa kamwe. Jaribu kutengeneza ngazi kwa dikromati ya potasiamu kwenye maji matupu. Ukiipunguza ukolezi, sehemu yake inageuka kromati, rangi inatoka machungwa kuelekea njano, yaani kila chupa ina mchanganyiko tofauti. Hapo grafu inapinda kwa sababu ya myeyusho wenyewe, na dawa yake ni kuongeza asidi ili yote ibaki dikromati. Namna ya kuwatofautisha ni ile kyuveti nyembamba. Mpindo ukifuata giza, laumu mashine. Ukifuata ukolezi, laumu myeyusho.

La mwisho ni mtego wa kompyuta. Nilivyopata vipimo vyote saba nikaviingiza, nikaiambia ichore mstari mmoja. Ikanipa R² = 0.998. Mwenzangu mmoja akasema umeona, mstari mzuri kabisa, ulikuwa unalia nini? Nikamwonyesha umbali wa kila nukta kutoka kwenye mstari. Mbili za chini ziko chini ya mstari, nne za katikati juu, ya mwisho chini tena. Nukta za mstari mnyoofu wa kweli hupanda na kushuka ovyo ovyo, hazijipangi kama upinde. Na ukiutumia mstari huo kusoma myeyusho wa 10, unakupa 8.1. Kosa la asilimia 19 limejificha ndani ya 0.998.

Kwa hiyo sasa nafanya hivi: nakaa chini ya absobansi kama 0.8, fumbo likisoma juu ya ngazi yangu silifuati na rula, nalipunguza ukolezi na kusoma tena. Na napunguza mara mbili tofauti. Majibu yakikubaliana, naandika. Yasipokubaliana, sijafika.

Nilimpelekea mwalimu namba za Ijumaa. Alama hakurudisha, ripoti zilishafungwa. Aliangalia ile 0.85 kwa muda, akauliza, "Hii kyuveti nyembamba nani alikuambia?" Nikasema Beer. Akacheka.

Sasa swali kwenu, hasa mnaokwenda mazoezi ya kufundisha muhula ujao. Shule yenye mashine moja tu na kyuveti za upana mmoja, hakuna nyembamba, utamwonyeshaje mwanafunzi kwamba kosa ni la mashine? Mimi nina wazo langu, linaanzia kwenye ile chupa ya stoki, ila nataka nisikie yenu kwanza. Naomba kuwasilisha.